Mbwa kamng'ata mtoto: siku zinahesabiwa kuanzia lini?

Swali tunaloulizwa sana kliniki ya majeraha ya wanyama sio kama kichaa cha mbwa ni hatari, hilo watu wanalijua. Wanauliza "daktari, zimeshapita siku mbili, si nimeshachelewa?" na mwingine akishasikia kwa jirani kwamba sindano lazima ichomwe siku hiyohiyo basi anakata tamaa anabaki nyumbani. Hapo ndo pabaya. Nitaeleza kwa mtoto mmoja wa mfano, ingawa kwa kweli ni watoto wengi niliowahudumia nimewaunganisha kuwa mmoja.

Ana miaka 6, kilo 20. Jumatatu tarehe 3 jioni alikuwa anacheza nje, mbwa ambaye hakuna anayejua ni wa nani akapita, akamng'ata kiganja cha mkono wa kulia, akatokomea. Ukiangalia kiganja unaona vitundu viwili vya meno, vidogo tu, damu ilitoka matone kadhaa ikakata, na juu kidogo kwenye kifundo kuna mkwaruzo ambao haukutoa damu kabisa. Nyumbani wakafuta na kitambaa, wakasema kidonda chenyewe hata hakionekani. Jumatano tarehe 5 mchana bibi yake akawaambia ampelekeni mtoto hospitali, ndo wakaja.

Kidonda kidogo ndicho kinachodanganya watu. Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate, na jino la mbwa ni kama sindano, linaacha tundu jembamba juu lakini mate yameshaingia chini kabisa kwenye msuli. Vikiwa humo vinaweza kukaa kwa muda kabla ya kuingia kwenye mishipa ya fahamu, alafu vikishaingia vinapanda na huo mshipa taratibu kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Kwa kawaida toka kung'atwa mpaka dalili ni miezi 2 hadi 3, lakini inaweza ikawa wiki moja na inaweza ikafika mwaka, na ukiumwa kichwani, usoni, shingoni au mkononi unakuwa na wasiwasi zaidi kwa sababu mishipa ni mingi na njia ya kwenda kwenye ubongo ni fupi. Hiyo safari ndo nafasi yetu. Chanjo inafanya kazi kwa sababu virusi vinachelewa njiani, kwahiyo mtu wa siku 2, wiki 2 au hata miezi kadhaa ambaye hana dalili bado tunamchanja, hatumrudishi nyumbani. Ambaye dalili zimeshaanza, kovu linawasha au lina ganzi, akiletewa maji koo linabana mpaka anaogopa hata kuyaona, huyo chanjo haimsaidii tena, karibu wote wanafariki.

Sasa kuosha. Huyu mtoto hakuoshwa tarehe 3, basi tukamuosha sisi tarehe 5, kwa sababu hata ukichelewa bado unaosha. Dakika 15, na ninaposema 15 ni za saa, sio za kukadiria, weka simu ikuhesabie, maana kila mzazi akiosha dakika 2 anaapa zimepita 10. Maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida, ya kufulia au ya kuogea zote sawa. Sabuni haifanyi kazi ya kuondoa uchafu tu, virusi hivi vimezungukwa na ngozi nyembamba ya mafuta na sabuni inaivunja hiyo ngozi, virusi vinakufa. Kwahiyo kumwagia maji matupu ni nusu ya kazi. Unapaka sabuni, povu linaingia kwenye vitundu, unasuuza, unapaka tena, unaachia tundu lifunguke kidogo maji yaingie ndani. Mtoto atalia, mshike, endelea. Dakika za mwanzo maji yanaweza kutoka na wekundu kidogo kwa sababu damu iliyoganda inalegea, usiogope usiache hapo. Usisugue kwa brashi, unachana nyama na kufungulia virusi njia mpya. Ukimaliza weka iodini ya vidonda kama ipo. Majivu, mafuta ya taa, majani yaliyotwangwa, hivyo vyote acha, vinachoma nyama na vinafunika tundu ambalo tunataka likae wazi.

Na usikimbilie kushonwa. Watu wanaona jeraha limeachama wanataka nyuzi leoleo, lakini kushona ni kufungia virusi ndani na sindano yenyewe ya nyuzi inavisukuma chini zaidi. Kama lazima kushona, labda usoni au damu haikatiki, kwanza seramu iingie kwenye jeraha, isubiriwe kidogo, alafu nyuzi chache zilizolegea.

Seramu ni kitu gani? Kitaalamu ni imunoglobulini, yaani askari waliotengenezwa tayari kwenye mwili mwingine. Chanjo inamfundisha mtoto kutengeneza askari wake, lakini hilo somo linachukua kama siku 7 hadi 14, sasa katikati hapo nani analinda? Ndo kazi ya seramu. Haitolewi kwa kila mtu. Kama mbwa amekugusa au kakulamba kwenye ngozi isiyo na kidonda, osha tu, hakuna sindano. Kama ni mkwaruzo mdogo bila damu, osha na chanjo. Kama jino limetoboa ngozi, au mate yameingia mdomoni, machoni au kwenye kidonda, hapo ni kuosha, chanjo na seramu. Mtoto wetu ana vyote viwili, mkwaruzo na vitundu, na tunafuata lile jeraha baya kuliko yote, kwahiyo anahitaji seramu.

Hesabu ni uniti 20 kwa kila kilo ikiwa imetokana na damu ya binadamu, kwahiyo kilo 20 mara 20 ni uniti 400 na hatuzidishi hapo (ya farasi ni uniti 40 kwa kilo, angekuwa na mwisho wa 800). Na haichomwi begani! Inachomwa kwenye kidonda chenyewe na kukizunguka, ndani ya vile vitundu, na ndiyo inauma, sitaki kukudanganya. Kwenye kiganja na vidole nafasi ni finyu, nesi anaweka kiasi kinachoingia bila kukibana kidole mpaka kikose damu. Kama siku hiyo seramu haipo, chanjo ianze bila kuisubiri, maana seramu inaweza kufuata mpaka siku ya 7 baada ya chanjo ya kwanza. Baada ya hapo haina kazi, mwili umeshaanza kutengeneza ya kwake.

Twende kwenye ratiba, hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Siku ya 0 sio siku uliyong'atwa. Ni siku ya sindano ya kwanza. Mtoto kang'atwa tarehe 3 lakini kachanjwa tarehe 5, basi tarehe 5 ndo sifuri. Ratiba ya msuli ni siku 0, 3, 7 na ya mwisho kati ya 14 na 28, kwahiyo kwenye kadi yake tukaandika Jumatano tarehe 5, Jumamosi tarehe 8, Jumatano tarehe 12, na Jumatano tarehe 19. Tunaandika tarehe na jina la siku, sio "siku ya 3", kwa sababu mama mmoja akihesabu kuanzia kesho na mwingine kuanzia leo wanafika siku tofauti. Na Jumamosi uliza kabisa mapema kama chumba cha chanjo kinafunguliwa, usije ukakuta kufuli.

Vituo vingine vinachoma kwenye ngozi badala ya msuli, dozi ndogo ya mililita 0.1 sehemu mbili kila ukienda, siku 0, 3 na 7 basi umemaliza. Usishangae jirani yako kamaliza na safari tatu wewe una nne, zote ni sahihi, ila fuata ile uliyoanzishiwa. Ya msuli inachomwa begani, kwa mtoto chini ya miaka 2 pajani upande wa mbele, na takoni hapana kabisa, kwenye mafuta ya takoni chanjo haishiki vizuri. Ukiona nesi analenga huko, muulize. Zile hadithi za sindano 14 tumboni zilikuwa za chanjo za zamani, lakini bado zinafukuza watu, mtu mzima na ndevu zake anakimbia kwa ajili ya sindano ambayo haipo tena.

Ukikosa tarehe? Nenda siku unayokumbuka, unaendelea pale ulipoachia na zinazofuata zinasogezwa mbele kwa nafasi ileile. Hauanzi upya. Mjamzito anachanjwa, anayenyonyesha anachanjwa. Pepopunda nayo iulizie, ni sindano nyingine na jino la mbwa linaileta vilevile.

Mbwa naye ana habari yake. Angejulikana, tungemfungia na kumtazama siku 10 toka siku ya kung'ata, yaani mpaka tarehe 13, huku mtoto anaendelea na sindano. Mbwa akibaki mzima anakula vizuri mpaka siku 10 ziishe, maana yake mate yake hayakuwa na virusi ile Jumatatu na tunaweza kusimamisha zilizobaki. Hii ni kwa mbwa na paka tu. Huyu wetu katokomea kwahiyo mtoto anamaliza zote. Mbwa aliyefungiwa akifa humo ndani ya siku 10 mwite daktari wa mifugo achukue kichwa kikapimwe, usimguse kwa mikono mitupu.

Na sio kila mbwa mwenye kichaa anakimbia na kung'ata hovyo. Mwingine anapooza tu, kajikunja pembeni, taya imeanguka, mate yanachuruzika, anashindwa kumeza, na mwenye mbwa anaona huruma anadhani kakwamwa na mfupa, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Ukimuona hivyo usimfungue mdomo, na kama umeshaingiza mkono na una hata mchubuko kwenye kidole, wewe ni mgonjwa wetu, njoo.

Kadi ya mtoto itunze hata akishamaliza tarehe 19. Aking'atwa tena mwaka kesho au baadaye, ataoshwa dakika 15 zilezile lakini sindano zitakuwa mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila seramu. Kadi ikipotea na hakuna rekodi nyingine, tunalazimika kuanza na zote, pamoja na ile ya kwenye kidonda.