Elektroni ndani ya sanduku: nishati ya chini imepotelea wapi?

Hapa Bukavu, wanafunzi wangu wa fizikia huandika noti kwa Kifaransa, halafu wanabishana kuzihusu kwa Kiswahili. Ubishi wa wiki hii ulianzia ubaoni. Nilikuwa nimewapa elektroni moja iliyofungiwa katika sanduku la upana wa nanomita 1, watafute nishati zake. Mmoja akapata 0.376 eV kuwa ya chini kabisa, mwenzake akapata 1.50 eV. Wote wawili walianza na mlinganyo uleule wa Schrödinger, ambamo ψ ni wimbi la elektroni, m ni masi yake na E ni nishati yake:

```
−(ħ²/2m) ψ'' = E ψ
```

Ndani ya sanduku hakuna nguvu inayosukuma elektroni, kwa hiyo jibu la jumla ni rahisi:

```
ψ(x) = A sin kx + B cos kx,   k = √(2mE)/ħ
```

Mpaka hapo, k inaweza kuwa namba yoyote. Kinachochagua nishati ni kuta. Tumezifanya ngumu kupita kiasi, elektroni haiwezi kupatikana nje, basi ψ lazima iwe sifuri kwenye kila ukuta.

Mwanafunzi wa kwanza aliweka kuta kwenye x = 0 na x = L. Ukuta wa kushoto unaiua kosini mara moja, maana cos 0 ni 1, hivyo B = 0. Ukuta wa kulia unadai sin kL = 0, yaani kL = nπ. Ukirudisha k kwenye nishati unapata:

```
E_n = n² h² / (8 m L²),   n = 1, 2, 3, ...
```

Kwa elektroni na L = 1 nm, E₁ ni 0.376 eV na E₂ ni 1.50 eV.

Wa pili alipenda ulinganifu, akaweka kuta kwenye −L/2 na +L/2. Ni chaguo zuri. Ila aliifuta kosini kwa mazoea, kwa sababu "kwenye sanduku hubaki sini tu". Akabaki na sin(kL/2) = 0, yaani k = 2π/L, 4π/L na kuendelea. Hesabu zake zote ni safi, lakini nusu ya ngazi za nishati haipo.

Dawa ni kuandika masharti yote mawili kabla ya kufuta chochote:

```
 A sin(kL/2) + B cos(kL/2) = 0
−A sin(kL/2) + B cos(kL/2) = 0
```

Jumlisha, unapata B cos(kL/2) = 0. Toa, unapata A sin(kL/2) = 0. Sini na kosini haziwi sifuri kwa pamoja, kwa hiyo ama A ni sifuri na k ni π/L, 3π/L, ..., ama B ni sifuri na k ni 2π/L, 4π/L, ... Ukizipanga pamoja, k = nπ/L inarudi yote. Na ndivyo inavyopaswa kuwa: elektroni haijui sifuri ya rula yetu tumeiweka wapi.

Kosa hili unaweza kuligundua bila kurudia hesabu. Chora wimbi la nishati ya chini kabisa. Likikata sifuri katikati ya sanduku, kuna ngazi nyingine chini yake, kwa sababu wimbi la kwanza halikati sifuri popote kati ya kuta. Tofauti si ndogo pia: elektroni ikishuka kutoka ngazi ya 2 kwenda ya 1 inatoa 1.13 eV, mwanga wa takriban nanomita 1100, usioonekana kwa macho. Mwanafunzi wa pili angesema elektroni hiyo haina pa kushukia.

Msichana mmoja akauliza: kwa nini n isiwe 0, na kwa nini E isiwe hasi? Swali lake linastahili hesabu. E ikiwa sifuri, ψ ni mstari ulionyooka, na mstari unaogusa sifuri kwenye kuta zote mbili ni sifuri kote: hakuna elektroni. E ikiwa hasi, ψ inakuwa jumla ya eksponenti mbili, moja inapanda na nyingine inashuka. Jumla hiyo ikishafika sifuri kwenye ukuta mmoja hairudi tena sifuri kwenye mwingine. Kwa hiyo hata ikiwa "imetulia" kabisa, elektroni inabaki na 0.376 eV yake.

Wengine hutaka pia mteremko wa ψ uwe sifuri ukutani. Hapana. Ukiongeza sharti hilo, A na B zote zinakufa. Mteremko unaruhusiwa kukatika ghafla pale kwa sababu tu ukuta ni mrefu bila kikomo. Ukuta ukiwa na urefu wa kawaida, wimbi linapenya kidogo nje, mteremko nao unalazimika kuungana, na kila ngazi inashuka kidogo chini ya zile tulizopata.