Maandishi mbadala si maelezo ya chini ya picha

Maandishi mbadala ni maneno yanayoambatishwa na picha kwenye ukurasa wa mtandao. Jicho haliyaoni, lakini kisoma skrini kama TalkBack, VoiceOver au NVDA kikifika kwenye picha huyasoma kwa sauti. Katika HTML hukaa kwenye sifa ya picha iitwayo `alt`, iliyomo katika kiwango cha HTML tangu 1995. Picha ikikataa kufunguka kwa sababu ya koneksio mbaya, kivinjari huonyesha maneno hayo hayo mahali pake.

Sasa, hapa Lubumbashi nimesikia mara nyingi mno mtu akisema, "Alt nimeweka, iko pale chini ya picha." Hapana, hayo ni maelezo ya picha. Maelezo yanasomwa na kila mtu, na yanaongeza jambo juu ya kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Maandishi mbadala yanashika nafasi ya kile chenyewe. Tuseme umeweka picha ya skrini ya simu iliyokataa kutuma pesa, na chini yake umeandika: "Tatizo linalowapata wengi mwisho wa mwezi." Anayeona anasoma ujumbe kwenye picha, kisha anasoma maelezo yako. Asiyeona anapata maelezo peke yake: anajua kuna tatizo, hajui ni tatizo gani.

Wengine wanajaza `alt` kweli, ila wanaandika "kaptire" au "picha ya skrini" na kuishia hapo. Picha ya skrini mara nyingi ni maandishi yaliyogeuzwa kuwa rangi. Mtu anayetumia kisoma skrini hakosi sura ya picha, anakosa maneno yaliyomo. Hayo ndiyo ya kumrudishia.

Yapi, lakini? Tuangalie skrini hiyo hiyo. Juu kuna saa 14:32, alama ya mtandao na betri yenye 11%. Chini yake kuna namba ya mtu anayetumiwa pesa, halafu ujumbe "Solde insuffisant", na mwisho vitufe viwili, "Annuler" na "Recharger". Kama unamfundisha msomaji afanye nini pesa zikikataa kwenda, saa na betri hazina kazi. Andika hivi:

```html
<img src="kosa.png" alt="Ujumbe wa simu: Solde insuffisant. Chini kuna vitufe viwili, Annuler na Recharger.">
```

Maneno ya ujumbe yanabaki kama yalivyo. Ukiandika "pesa hazitoshi" umetafsiri vizuri, ila msomaji akikutana na "Solde insuffisant" kwenye simu yake hatajua kwamba ndilo hilo ulilokuwa unaeleza.

Ukiitumia picha hiyo hiyo katika somo la kuficha siri za watu, maandishi yanabadilika kabisa: "Skrini ya kutuma pesa, namba ya mpokeaji inasomeka yote, juu ya ujumbe wa kosa." Hakuna maandishi mbadala yanayofaa picha moja kila mahali. Yanafuata kazi ambayo picha inafanya katika aya ile. Na namba uliyoifunika kwa rangi nyeusi usiiandike kwenye `alt`. Nimeona hilo likifanyika: siri imefichwa kwa macho, kisha inasomwa kwa sauti.

Kuna mpaka unaotugusa sisi tunaochanganya Kiswahili na Kifaransa katika ukurasa mmoja. Ndani ya `alt` huwezi kuonyesha kwamba neno fulani ni la lugha nyingine, kwa hiyo "insuffisant" linaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiswahili na lisieleweke. Ndiyo maana ujumbe wenye uzito naurudia pia kwenye aya yenyewe, na huko lugha inaweza kutajwa:

```html
<span lang="fr">Solde insuffisant</span>
```

Tena `alt` inasomwa kwa mfululizo, bila vichwa wala safu. Picha ya skrini yenye jedwali zima, kama ratiba ya kukatwa umeme mtaa kwa mtaa, usiibane humo. Liandike jedwali kwenye ukurasa, kisha `alt` iseme tu kwamba ni ratiba hiyo na kwamba imeandikwa yote hapo chini.

Kwenye mazungumzo ya WhatsApp sijapata mahali pa kuweka `alt`. Hapo andika maneno ya ujumbe pamoja na picha, yatasomwa. Ila kwenye ukurasa wako mwenyewe, yale uliyoyaweka chini ya picha yaache, ni mazuri, kisha ufungue `alt` na uandike kile ambacho skrini inasema.