Rangi zilizogawanywa sawa hazifanyi ramani iwe ya haki

Wateja wanaoniletea takwimu za wilaya niwachoree ramani hurudia ombi lilelile: nigawe madaraja ya rangi kwa kwantaili, mbinu inayoweka idadi sawa ya wilaya katika kila daraja, kwa sababu rangi zikigawanyika sawasawa ramani haimpendelei yeyote. Dhana hiyo hunichosha kuliko nyingine zote, maana kinachogawanywa sawa hapo ni idadi ya wilaya katika kila daraja, wala si thamani zenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wilaya 12 ambamo tatizo fulani lina kiwango cha asilimia 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 13, 16, 31 na 64, zikigawanywa katika madaraja manne. Kwantaili huzipanga tatu tatu, hivyo 16, 31 na 64 hupewa rangi moja iliyokoza, na msomaji huona wilaya tatu zenye hali moja ilhali ya mwisho ni mara nne ya ya kwanza. Papo hapo, 6 na 7, ambazo karibu ni sawa, hutenganishwa na mpaka wa rangi. Tukitumia vipindi sawa, kila daraja linakuwa na upana wa 15 na mipaka inaangukia 19, 34 na 49: wilaya kumi zinakuwa na rangi hafifu, 31 inabaki peke yake, daraja la tatu linakuwa tupu, na 64 inajitokeza pekee. Ramani ya kwanza inasema tatizo linapanda ngazi kwa ngazi. Ya pili inasema wilaya moja imejitenga na wenzake.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kudai kwamba vipindi sawa ndivyo visivyo na upendeleo. Navyo vina kasoro yao: mipaka yote huamuliwa na thamani mbili tu, ya chini na ya juu kabisa, kwa hiyo 64 hiyo moja imefuta tofauti kati ya 4 na 16. Anayetaka kujua wilaya zipi zimo katika robo ya juu atasaidiwa na kwantaili. Anayetaka kujua zimepishana kwa kiasi gani asiitumie.

Dhana nyingine ni kwamba ramani za miaka miwili hulinganishika mradi mbinu ni ileile. Sivyo. Thamani zote zikipungua kwa nusu na mipaka ikakokotolewa upya, mbinu zote mbili zitatoa rangi zilezile, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mipaka ya mwaka wa kwanza ndiyo itumike kwa mwaka wa pili.

Kwa ukaidi wangu, sichori ramani yoyote kabla ya kuona histogramu, na katika ufunguo wa ramani ya kwantaili huandika thamani ya chini na ya juu iliyomo katika kila daraja. Anayesoma “16 hadi 64” kando ya rangi moja hahitaji maelezo zaidi.