Kivumishi si "neno la sifa", na miraba haitamwambia mtoto jibu

Mwalimu mwenzangu wa huku Igoma amenirudishia chemshabongo yangu ya aina za maneno pamoja na ushauri ninaoupata kila muhula: vidokezo virefu mno, vipunguze, mtoto atahesabu miraba na jibu litakuja lenyewe. Na pale kwenye kivumishi, akaongeza, andika tu "neno la sifa", wote wanaelewa hivyo.

Nimechoka. Haya, tuhesabu hiyo miraba.

NOMINO ina herufi 6, na iko peke yake. KITENZI 7, KIELEZI 7. KIVUMISHI 9, KIHUSISHI 9, KIHISISHI 9. KIUNGANISHI 11, KIWAKILISHI 11. Ukiondoa nomino, kila jibu lina pacha wa urefu ule ule, na tisa ina watatu. Yote saba yanaanza na KI, matano kati yake yanaishia na ISHI. Kihusishi na kihisishi vimetofautiana herufi moja tu, ya nne. Mtoto anayehesabu miraba tisa amejua kwamba jibu ni moja kati ya matatu, basi. Kinachobaki kumwongoza ni kidokezo, na mahali maneno yanapokatana.

Mahali pa kukatana ndipo watunzi wengi wanapovurunda. Wanayakutanisha maneno kwenye I au kwenye SHI ya mwisho kwa sababu ni rahisi, halafu mtoto anabadilisha kihusishi na kihisishi na kila kitu kinaingia sawasawa bila hata mraba mmoja kulalamika. Ona hii:

```
K . K
I . I
T . V
E . U
N O M I N O
Z . I
I . S
. . H
. . I
```

NOMINO inakwenda kulia, KITENZI na KIVUMISHI zinakwenda chini. Aliyejaza KIELEZI mahali pa KITENZI anakuta E inagombana na N ya nomino. Aliyejaza KIHUSISHI mahali pa KIVUMISHI anakuta S inagombana na M. Amejigundua mwenyewe, mwalimu hujafika hata mezani kwake. Kwa zile za herufi 11, kutanisha A ya KIWAKILISHI na A ya KIUNGANISHI. Ukizigeuza, mraba huohuo unadai N huku na I kule. Kwa kihusishi na kihisishi huna ujanja zaidi ya ile herufi ya nne, lakini ukimfunga mmoja inatosha, mwenzake atakuwa amefungwa pia.

Sasa hilo "neno la sifa".

Chukua sentensi ya mwaloni Kirumba: "Sato wawili wameoza." Hapo "wawili" ni kivumishi. Ni sifa gani? Hakuna anayesema sato ana sifa ya uwili. "Sato hawa", "sato wangu", "kila sato": hawa, wangu na kila vyote ni vivumishi, na hakuna hata kimoja kinachosema kama samaki ni mzuri, mbaya, mnene au mkavu. Kidokezo cha "neno la sifa" kinamfundisha mtoto kundi moja dogo la vivumishi, vile vya sifa, na kumfungia nje vya idadi, vya kuonyesha na vya kumiliki. Halafu mtihani unampigia mstari chini ya "wangu", naye anajibu kiwakilishi, kwa kuwa alishakariri kwamba kivumishi lazima kisifie.

Na uchungu zaidi ni kwamba wakati mwingine angekuwa sahihi. Muuzaji anauliza sato wangapi wameharibika, unamjibu: "Wawili wameoza." Neno lile lile, herufi zile zile, sasa ni kiwakilishi, maana sato hakutajwa na "wawili" imekaa kwenye kiti chake. Aina ya neno haimo ndani ya neno kama mfupa ndani ya samaki. Unaipata kwa kuangalia neno linafanya kazi gani katika sentensi hiyo unayoisoma.

Ndiyo maana vidokezo vyangu ni virefu. Cha kivumishi: "Huambatana na nomino na kueleza ni ipi, ni ngapi, ni ya nani au ikoje, mfano, sato WAWILI wameoza." Cha kiwakilishi: "Husimama mahali pa nomino isiyotajwa, mfano, WAWILI wameoza." Mfano ni mmoja katika vyote viwili kwa makusudi. Mtoto akiuliza "Mwalimu, mbona umerudia?", somo limeshaanza. Na nimeandika "huambatana", sikuandika "hufuata", kwa sababu "kila" hukaa mbele ya nomino, na "hawa sato" ni Kiswahili safi.

Vingine nitavipitia haraka. Kielezi msikiandikie "namna tendo linavyofanyika" mkaishia hapo. Wekeni pia lini, wapi na mara ngapi, la sivyo "jana" na "mara mbili" zitakosa kwao. Kihisishi kinajieleza, "Lo!" inatosha. Kiunganishi na kihusishi vyote vinaonekana kuunga kitu na kitu, kwa hiyo msitumie "na" kwenye mfano wa chochote kati ya hivyo viwili. "Juma na Asha" na "alipigwa na Juma" zitawaletea ugomvi ambao chemshabongo haiwezi kuamua. Mimi kwenye kiunganishi naweka "Tulingoja LAKINI kivuko hakikuja", kwenye kihusishi "Mtumbwi umefungwa KWA kamba."

Kuna neno siliweki kabisa kwenye kidokezo: "wa" ya "samaki wa Kirumba". Kuna vitabu vinavyoiita kihusishi, na kuna vinavyochukua "wa Kirumba" yote kuwa kivumishi cha a-unganifu. Nikilazimishwa naegemea upande wa pili, kwa kuwa inajibu swali la "samaki yupi", lakini sioni sababu ya kumnyima mtoto alama kwa jambo ambalo wakubwa wenyewe hawajakubaliana.

Ukurasa wa pili ni wa kutafuta maneno, na hapo wengi hudhani ni zoezi lile lile kwa sura nyingine. Ukiorodhesha maneno nane chini ya jedwali, mtoto anasaka herufi tu. Anatafuta SHI, anarudi nyuma, anazungushia. Anaweza kumaliza yote bila kujua kitenzi ni nini; alichopata ni tahajia. Ondoa orodha, weka vidokezo vilevile, aandike kwanza jina kwenye mstari kisha alisake. Na miraba ya kujazia usiijaze Q na X, Kiswahili hakina herufi hizo na mtoto atazifuta kwa macho. Jaza K, I, S na H kwa wingi, ukiweka na KIHISI za uongo mbili tatu.

Kwa darasa la tatu, ambao bado wanasoma kwa silabi, weka silabi moja kwa kila mraba: KI-TE-NZI inakuwa mitatu, KI-E-LE-ZI minne, na pacha hao wameachana. Kihusishi na kihisishi bado vitabaki na minne minne. Kabla ya kutoa kopi, angalia pia kitabu wanachotumia watoto wako, kwa maana vingine huita kihisishi "kiingizi", na hiyo ina herufi 8.