Mistari miwili haisemi kama una hepatitisi C sa hii

Wengi wanaonijia hapa Malindi na wasiwasi wa hepatitisi C huja na picha kwenye simu. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, mistari miwili imetokea, na pale alipopimwa ashaambiwa moja kwa moja ati ana ugonjwa wa ini. Mimi hiyo tabia siipendi kabisa, manake kile kipimo hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani kile ambacho mwili hutengeneza ukishakutana na virusi. Na kingamwili ikishatoka huwa inakaa, mara nyingi maisha yote, hata kama virusi vyenyewe vilishatoka miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo mistari miwili inakwambia huyu mtu wakati fulani aliwahi kukutana na hepatitisi C. Kama bado anayo, hapo hakijasema kitu.

Ngoja niwaeleze kwa ndugu wawili, wenyeji wa Lamu, nimegeuza mambo madogo madogo ili wasijulikane. Mkubwa ana miaka 41, mdogo 36. Zamani wote wawili walikuwa wakijidunga unga, bomba moja la sindano linazunguka watu watatu wanne, na hiyo ndo njia kubwa ya hepatitisi C huku pwani kwetu. Sa hii wako kwenye methadoni, na walihamia Malindi kwa sababu hiyo, manake dawa yenyewe unainywa kila siku mbele ya nesi, huwezi ukawa unaipanda boti kila asubuhi. Wakapimwa siku moja, kipimo kile kile, wote mistari miwili. Mdogo alikuja kwangu ashaanza kuaga watu.

Baada ya hapo ndo inafuata vairo lodi. Hii inatafuta RNA ya virusi, yaani virusi vyenyewe, na inahesabu viko vingapi kwenye kila mililita ya damu. Tunatoa damu kwenye mshipa, inaingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, inazungushwa ili maji ya damu yatengane na chembe, halafu yale maji ndo yanaingia kwenye mashine. Mashine ya GeneXpert, ile ile wanayopimia TB ila katriji ni nyingine, inatoa jibu ndani ya masaa mawili. Kitu kinachoharibu hapa ni kuchelewa na joto. Kama damu imetolewa kisiwani asubuhi, ikasubiri boti ya Mokowe, ikaja kwa gari bila barafu na haijazungushwa, RNA huanza kuvunjika, na jibu linaweza kutoka chini kuliko ukweli. Nikiona jibu la chini sana kwa damu iliyosafiri hivyo narudia, siliamini.

Majibu ya wale ndugu yalitoka hivi kwenye skrini:

```
Mkubwa: HCV DETECTED 2.34E06 IU/mL (log 6.37)
Mdogo:  HCV NOT DETECTED
```

Ya mkubwa ni kama yuniti 2,340,000 kwa mililita. Ya mdogo, hakuna kitu. Na wote wawili walishirikiana sindano ile ile!

Mdogo alidhani mashine imekosea. Haikukosea. Karibu mtu 3 kati ya 10 wanaoambukizwa hepatitisi C mwili wao huvitoa virusi wenyewe, bila dawa, ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Kingamwili ndo inabaki kama alama kwamba vilipita. Huyo hahitaji kidonge hata kimoja, na mtu akimuuzia dawa kwa sababu ya mistari miwili, amemwibia. Kuna na wengine, hasa mtu ambaye hajawahi kujidunga wala kuongezewa damu, mistari miwili inatoka kwa kipimo kukosea tu, na hao pia vairo lodi inawasafisha. Cha kuangalia ni kama mtu amejidunga karibuni, tuseme miezi michache iliyopita. Huyo jibu la hakuna kitu nalirudia baada ya miezi kadhaa, kwa sababu mwanzoni mwanzoni virusi hupanda na kushuka. Mdogo alikuwa na miaka kadhaa hajagusa sindano, kwa hiyo kwake nikafunga mjadala.

Kuna na upande wa pili watu hawauwazi. Kingamwili huchelewa, inaweza kuchukua miezi miwili mitatu hivi kutokea, wakati RNA inaonekana wiki moja au mbili tu baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo mtu aliyechomwa na sindano ya mwenzake mwezi uliopita, akipimwa kidole na kuona mstari mmoja, asirudi nyumbani anashangilia. Na mtu mwenye ukimwi uliomshusha kinga sana anaweza kuwa na virusi na kingamwili isitoke.

Turudi kwa mkubwa na milioni zake mbili. Swali lake la kwanza, kama la kila mtu, lilikuwa "Dokta, milioni mbili si nimekwisha?" Hapana. Kwenye hepatitisi C ile namba haisemi ini limeharibika kiasi gani. Nimeona mtu wa laki moja ini lake limekuwa gumu kama jiwe, na mwenye milioni tano ini liko sawa. Watu wamezoea vairo lodi ya ukimwi ambapo namba ikipanda ni taarifa mbaya, wakaleta hesabu ile huku, haifanyi kazi. Huku namba inajibu maswali mawili tu: virusi vipo, na baada ya dawa vimekwisha.

Hali ya ini tunaitafuta kwingine. Kama hakuna mashine ya kupima ugumu wa ini, nachukua AST, ambayo ni kimeng'enya cha ini kwenye damu, na platileti, zile chembe za kugandisha damu. Yeye AST ilikuwa 62, kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile ni 40, platileti 210. Hizo mbili zinatoa namba ya kukadiria kovu la ini, inaitwa APRI.

```
APRI = (62 / 40) / 210 x 100 = 0.74
```

Chini ya 1, kovu kubwa la ini huenda halipo. Ingefika juu ya 2 ningewaza sirosisi, na hapo mpango unabadilika kidogo, hata baada ya kupona ningeendelea kumpiga altrasaundi kila miezi 6 kutafuta saratani, manake ini lililoshakuwa na kovu hubaki na hatari hiyo hata virusi vikitoka.

Kabla ya dawa kuna kipimo kimoja sikiruki hata mtu awe na haraka vipi, hepatitisi B. Mtu akiwa nazo zote mbili, C ikiondolewa ghafla B inaweza kuamka na kuliunguza ini. Yeye hakuwa nayo.

Dawa aliyopewa ni kidonge kimoja chenye sofosbuviri miligramu 400 na velpatasviri miligramu 100, mara moja kwa siku, wiki 12. Jumla vidonge 84, makopo matatu ya 28. Kwingine utakuta sofosbuviri na daklatasviri, nazo ni nzuri tu. Sofosbuviri inaingia kwenye ile nyuzi ya RNA wakati virusi vinajinakili na kuikata hapo hapo, hiyo nyingine inazuia protini ambayo virusi vinaitaka ili kujitengeneza upya. Na hapa ndo penye siri ya kwa nini hepatitisi C inapona kabisa wakati B na ukimwi tunazituliza tu: C haina pa kujificha. Haiingii kwenye kiini cha seli kuacha mbegu, inaishi nje ya kiini kwa kujinakili kila siku, ukiizuia kujinakili kwa muda wa kutosha inakwisha. Zamani tulikuwa na sindano za intafironi, karibu mwaka mzima wa homa na mawazo mabaya, na waliopona ilikuwa kama nusu. Kwa vidonge hivi ni zaidi ya 95 kwa 100.

Nilimkagua dawa zake nyingine kuliko nilivyokagua chakula. Methadoni haina shida. Shida alikuwa nayo ya kiungulia, ananunua vidonge vya kutuliza asidi dukani anavitafuna kama peremende, na velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini. Tukakubaliana ile ya kutafuna aiache masaa manne mbali na kidonge, na omeprazoli asiiguse kabisa. Angekuwa kwenye rifampisini ya TB, au kabamazepini ya kifafa, nisingeanza kabisa, hizo zinaishusha dawa mpaka haifanyi kitu. Ramadhani iliingia katikati ya matibabu, akaniuliza kwa aibu kama itabidi ale. Kidonge ni kimoja kwa siku, akakihamisha futari, kila siku saa ile ile, akafunga mwezi wake wote.

Katikati ya dawa sikumpima vairo lodi, ingawa wapo wanaopima kila mwezi na kumtoza mgonjwa. Ndani ya wiki chache virusi kwa kawaida havionekani tena kwenye damu, lakini hilo halimaanishi umepona, ukiacha dawa hapo vinaweza kurudi. Kipimo chenye maana ni kile cha wiki 12 BAADA ya kumaliza kidonge cha mwisho. Alikuja, ikatoka `HCV NOT DETECTED`. Ikiwa hivyo baada ya wiki 12 tunaita amepona, na kurudi kwa virusi vile vile baada ya hapo ni nadra sana.

Miezi michache baadaye akanipigia simu amekasirika. Alikuwa akitafuta kazi Ghuba, kwenye medikali wakampima kidole, mistari miwili, wakamkataa. Nilikuwa nimemwambia hilo siku ya kwanza ila nani hukumbuka maneno ya siku ya kwanza. Nikamwandikia barua na kumtolea nakala ya majibu yote mawili ya vairo lodi, lakini niseme wazi, wapo waajiri wanaoangalia ule mstari tu na barua hawaisomi. Kuchangia damu nako ndo basi, benki ya damu itaikataa.

Na kwa vile kingamwili haimkingi, akirudi kwenye sindano ya kushirikiana ataambukizwa upya, na kipimo cha kidole hakitaweza kutofautisha la zamani na jipya. Kwa hiyo yeye na mdogo wake kipimo cha kidole nimewafutia. Wanakuja mara moja kwa mwaka kwa vairo lodi peke yake, na ikitoka namba siku moja, tunaanza vidonge tena.