Kosa la herufi moja katika kipande kinachotupwa

*Nimesoma kwamba seli hukata introni na kuzitupa kabla ya kutengeneza protini. Sasa inakuwaje kosa la herufi moja ndani ya introni limletee mtu thalasemia, ule ugonjwa wa damu wa kurithi?*

Kwa sababu alama za kuonyesha mahali pa kukata zimo ndani ya introni yenyewe. Ikizuka alama ya uongo, mkasi unapita pasipo pake, na kipande kilichopaswa kutupwa kinabaki ndani ya ujumbe.

Jeni inayohusika ni HBB, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, inayotengeneza beta-globini ya himoglobini. Ni jeni fupi, ina herufi 1,600 hivi: eksoni tatu, yaani vipande vinavyobaki, na introni mbili. Introni ya kwanza ina herufi 130, ya pili 850, kwa hiyo zaidi ya nusu ya kinachonakiliwa hakifiki kwenye ribosomu, mtambo wa seli wa kuunda protini.

Unukuzi, yaani kunakili DNA kuwa RNA, hufanyika kwenye uboho, katika seli changa za damu nyekundu ambazo bado zina kiini. Kimeng'enya RNA polimerasi II hufungua nyuzi mbili za DNA, husoma uzi mmoja na kuunga RNA inayolingana nao, ikiweka U pale penye A. RNA ikifikia herufi 25 hivi tu, ncha yake ya mbele huvikwa kofia ya guanini, ambayo huikinga isitafunwe na baadaye huipokea ribosomu. Upande wa nyuma, ikishanakiliwa alama AAUAAA, uzi hukatwa mbele kidogo ya hapo na kuungwa mkia wa A zipatazo 200. Mkia huo haumo kwenye DNA, huongezwa tu.

Kazi ngumu ni kuondoa introni. Karibu zote huanza na GU na kuishia na AG. Mkusanyiko wa protini na RNA ndogo, uitwao spliseosomu, hukata kwenye GU, huipinda ncha hiyo na kuifunga kwenye A fulani iliyo ndani ya introni ili kufanya kitanzi, kisha hutafuta AG inayofaa mbele ya hiyo A. Hapo hukata mara ya pili na kuunganisha eksoni.

Kosa lililo la kawaida kuliko yote Saiprasi liko kwenye herufi ya 110 ya introni ya kwanza: G imekuwa A. Mfuatano TTGGTCT unasomeka TTAGTCT, na hivyo imezaliwa AG mpya, herufi 19 kabla ya ile halali. Takriban nakala tisa kati ya kumi hukatwa kwenye hiyo ya uongo. Mstari wima hapa chini unaonyesha pale eksoni ya kwanza inapoungwa:

```
sahihi: AG|G CUG CUG GUG GUC UAC ...
kosa:   AG|U CUA UUU UCC CAC CCU UAG
```

Sasa ndipo tafsiri, yaani kuusoma ujumbe na kuunda protini, inapokwama. Ribosomu huteremka kutoka kwenye kofia hadi AUG ya kwanza, kisha husoma herufi tatu tatu, na kila tatu, yaani kodoni, huletewa asidi amino yake na tRNA, RNA ndogo ya kubebea. Katika mRNA nzima, yaani ujumbe uliokatwa sawasawa, husoma kodoni 147, ikakutana na UAA na kusimama. Katika hii mbovu, kodoni 30 za mwanzo ni sawa, sita zinazofuata ni upuuzi, halafu inakuja UAG. Hakuna tRNA ya UAG. Huingia protini ya kuachilia, na mnyororo unadondoka ukiwa na asidi amino 36 tu. Hata hiyo UAG isingekuwepo, herufi 19 hazigawanyiki kwa tatu, hivyo usomaji wote wa mbele ungevurugika.

Seli huligundua kosa hili. Kituo cha kusimama kikitokea mapema, kabla ya kiungo cha mwisho cha eksoni, mRNA hiyo huharibiwa. Kinachobaki ni ile sehemu moja ya kumi iliyokatwa vizuri. Beta-globini inapungua, alfa-globini, zinazoungana nayo kufanya himoglobini, zinakosa wenza, zinagandamana na kuziua seli changa palepale kwenye uboho.

Selimundu ni kisa tofauti kabisa ingawa jeni ni hiyohiyo. Huko kosa liko kwenye eksoni, GAG imekuwa GUG. Ukataji ni safi, protini ina urefu kamili, ila valini imekaa mahali pa asidi glutamiki. Nako Oman, kosa la thalasemia linaloonekana zaidi ni la herufi ya 5 ya introni ya kwanza, G kuwa C, ambalo hudhoofisha alama ya mwanzo badala ya kuzua ya mwisho.

Aliyerithi nakala moja mbovu kwa kawaida haumwi. Seli zake nyekundu huwa ndogo, na ni rahisi kumdhania ana upungufu wa madini ya chuma, akapewa vidonge visivyomsaidia. Kipimo cha himoglobini A2 kikizidi asilimia 3.5 huelekeza kwenye thalasemia. Kujua ni herufi gani iliyobadilika kunahitaji kuisoma DNA yenyewe, introni zikiwemo.