Ndugu Wakinyamaza, Hawajakubali

"Nimewaandikia wenzangu barua kuhusu kugawana nyumba ya marehemu baba. Mwezi umepita, hakuna aliyepinga. Si tumeshakubaliana?"

Bado. Barua ya mrithi mmoja ni pendekezo, na kwa kawaida ukimya hauhesabiwi kuwa ridhaa. Tuseme mko wanne wenye mafungu sawa, nawe unataka kubaki na nyumba. Mthamini akisema ina thamani ya milioni 80, kila fungu ni milioni 20, kwa hiyo utawalipa wenzako watatu jumla ya milioni 60. Barua itaje hayo, tarehe ya malipo, na nani atabeba madeni ya nyumba. Wakiridhia, wote wanne watie saini mbele ya mashahidi. Watatu hawawezi kumsainia wa nne asipowapa mamlaka, na mrithi aliye mtoto huhitaji mwakilishi anayetambuliwa kisheria.

Hata hivyo, karatasi hiyo peke yake haibadilishi hati. Kaombe taarifa za umiliki kwenye ofisi ya ardhi. Ukikuta bado jina la marehemu, nyumba haijahamishwa, hata kama saini zote zipo.